Uniti 14 za LUKU: siku ngapi za taa, runinga na simu?

Ukinunua umeme wa shilingi 5,000 kwenye nyumba ya kawaida hapa Tanzania, ujumbe unaorudi kwenye simu una tokeni ya tarakimu 20 na namba nyingine ndogo ambayo wengi huipita bila kuitazama: 14 na nukta kidogo. Hizo ndizo uniti. Ukishaingiza tokeni kwenye mita, shilingi 5,000 haipo tena, na swali linalobaki ni hizo 14 zitakufikisha lini. Watu hujibu kwa kukisia, kisha umeme ukikatika katikati ya taarifa ya habari wanasema mita inakimbia. Mara chache ni kweli. Mara nyingi hesabu haikufanywa, au ilifanywa kwa namba zisizo zenyewe.

Tuanze na pesa, maana kuna wanaopotea hapo hapo. Mteja wa nyumbani aliye kwenye daraja la T1 anauziwa uniti moja kwa shilingi 292, bei iliyowekwa mwaka 2016. Juu yake kuna VAT asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1. Kwa viwango hivyo uniti moja inakufikia kwa shilingi 356 na senti kidogo. Gawa 5,000 kwa 356 upate 14. Kama risiti yako inaonyesha mgawanyo tofauti, fuata risiti: gawa pesa iliyoingia kwenye umeme kwa uniti ulizopewa, na hiyo ndiyo bei yako halisi.

Sasa, ukinunua mara ya kwanza ndani ya mwezi, utaona uniti zimepungua. Hiyo ni kodi ya jengo, ambayo tangu Agosti 2021 inakusanywa kupitia LUKU, na kuanzia Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa. Kwenye risiti inatajwa kama deni. Inakatwa kwanza, halafu kilichobaki ndicho kinachonunua umeme. Kwa hiyo 5,000 ya tarehe mosi ni 3,500 ya umeme, na uniti zinakuwa 9.8 badala ya 14. Mita ikikaa miezi mitatu bila kununuliwa umeme, deni linajikusanya na siku ya kununua linatoka lote. (Hii kodi ni ya mwenye nyumba. Mpangaji anayeilipa kila mwezi na kunyamaza anamlipia mtu mwingine. Tunza risiti, mzungumze siku ya kodi ya pango.)

Baada ya pesa, uniti yenyewe. Uniti moja ni kilowati-saa moja: kifaa cha wati 1,000 kikiwaka kwa saa moja, au kifaa cha wati 10 kikiwaka kwa saa 100. Mita haina habari na aina ya kifaa wala ukubwa wake, inazidisha wati kwa muda tu. Kwa matumizi madogo kama ya taa na simu, ni rahisi zaidi kuhesabu kwa wati-saa, halafu mwisho ugawe kwa 1,000. Uniti zetu 14 ni wati-saa 14,000. Hiyo ndiyo akiba tunayoigawa.

Chukua nyumba ya vyumba viwili na sebule, haina friji, watu wanapika kwa gesi na mkaa. Wana taa, runinga ya inchi 32, king'amuzi na simu tatu. Ni nyumba ya mfano, lakini mitaa yetu imejaa nyumba za namna hii.

Taa zote ni za LED. Ya sebuleni ni wati 9, inawashwa saa kumi na mbili jioni na kuzimwa saa tano usiku: saa tano kwa wati 9 ni wati-saa 45. Vyumba viwili, kila kimoja taa ya wati 9 kwa saa mbili hivi: 36. Jikoni wati 7 kwa saa tatu: 21. Mpaka hapo ni 102, kidogo sana. Halafu kuna taa ya nje, nayo ni wati 9 tu, lakini inawaka usiku kucha. Kwetu usiku ni saa 12 karibu mwaka mzima, kwa hiyo taa hiyo moja inakula wati-saa 108, zaidi ya taa zote za ndani zikijumlishwa. Taa zote kwa siku: 210.

Runinga ya LED ya inchi 32 inakula kama wati 50 ikiwaka. Saa sita kwa siku ni wati-saa 300. King'amuzi tukikadirie wati 10 kikifanya kazi, saa sita, ni 60. Lakini king'amuzi hakizimwi. Mtu anabonyeza rimoti, taa ya kijani inakuwa nyekundu, na anaamini kimelala. Ving'amuzi vingi vikiwa katika hali hiyo bado vinapokea mawimbi na kusasisha ratiba za chaneli, na vinakula karibu kiasi kile kile. Tuseme wati 8 kwa saa 18 zilizobaki: 144. Kwa maneno mengine, king'amuzi kinakula zaidi kikiwa "kimezimwa" kuliko kikiwa kinatazamwa. Runinga yenyewe ikizimwa kwa rimoti haina tatizo hilo. Za siku hizi hubaki na nusu wati au chini ya hapo. Runinga na king'amuzi pamoja: 504.

Simu ndizo zinazogombanisha watu bure. Betri ya simu ya kisasa imeandikwa mAh 5,000. Izidishe kwa volti 3.85 za betri hiyo na ugawe kwa 1,000, unapata wati-saa 19 hivi. Chaja nayo inapoteza kiasi kama joto, ndiyo maana ukiishika ina vuguvugu, kwa hiyo kutoka ukutani zinatoka kama 25 kuijaza simu iliyokwisha kabisa. Simu tatu zikijazwa kila siku ni 75.

Jumlisha: 210 na 504 na 75 ni wati-saa 789, yaani uniti 0.79 kwa siku. Gawa 14 kwa 0.79: siku 17, na ya 18 utaianza lakini hutaimaliza. Zile 9.8 za tarehe mosi ni siku 12.

Ukiziangalia hizo namba tatu utaona mahali pa kushika. Mwenye nyumba anayempigia kelele mpangaji kwa kuchaji simu anapigania shilingi 9 kwa kila simu inayojazwa, maana wati-saa 25 ni sehemu ya arobaini ya uniti moja. Hata familia ikiacha kuchaji kabisa, umeme utaongezeka siku mbili tu. King'amuzi kikichomolewa kwenye soketi usiku na mchana kisipotazamwa, zinaokolewa wati-saa 144, matumizi yanashuka hadi 645, na uniti zile zile zinafika siku 21. Yaani king'amuzi kilicholala kinawagharimu karibu mara mbili ya simu zao zote tatu. Hakuna anayekipigia kelele kwa sababu hakionekani kinafanya kazi.

Taa ya nje ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Toa ile LED ya wati 9, weka balbu ya kizamani ya waya, ile ya wati 60 inayochoma kidole. Saa 12 kwa wati 60 ni 720. Matumizi ya nyumba nzima yanaruka kutoka 789 hadi 1,401, na uniti 14 zinaisha siku ya kumi. Balbu moja imekula siku saba. Enaji seva ya wati 20 iko katikati: 240 kwa usiku, na nyumba inafika siku 15. Kwa hiyo kabla ya kubishana na mtu yeyote kuhusu matumizi, nenda nje usome kilichoandikwa kwenye balbu.

Na soma vizuri. Kwenye maboksi ya LED kuna namba mbili, moja kubwa yenye kujigamba na moja ndogo. Ile kubwa mara nyingi inasema mwanga wake ni sawa na balbu ya kizamani ya wati 60 au 100; ile ndogo ndiyo wati inayokula. Kosa la pili la kusoma liko kwenye chaja. Chaja imeandikwa kwamba inaingiza volti 100 hadi 240 na ampea 0.35, na mtu aliyesoma fizikia kidogo anazidisha 240 kwa 0.35, anapata 84, anashangaa simu inavyokula umeme. Hiyo ampea ni kiwango cha juu ambacho waya unapaswa kuhimili, tena kwa volti za chini. Angalia upande wa kutoa: volti 5 kwa ampea 2 ni wati 10, na hata hizo ni za mwanzo tu, kwa sababu simu ikikaribia kujaa inavuta kidogo kidogo. Ndiyo maana nimehesabu simu kwa ukubwa wa betri na siyo kwa saa zilizokaa kwenye chaja. Simu iliyolala kwenye chaja usiku mzima haikujaa mara mbili. Runinga ina tatizo kama hilo kwa kiasi: namba ya nyuma yake ni ya juu kabisa, na ukipunguza mwanga wa kioo inashuka.

Basi kama lebo hazisemi ukweli wote, mpimaji unaye tayari. Ni mita yenyewe. Kwenye uso wake kuna kitaa chekundu kinachopepesa, na karibu yake kumeandikwa kitu kama `1000 imp/kWh`. Maana yake kitaa kitapepesa mara 1,000 kwa kila uniti, kwa hiyo kila pepeso ni wati-saa moja. Baadhi ya mita zimeandikwa 1600 au 3200. Tumia namba iliyo kwenye yako. Zima kila kitu, acha kifaa unachotaka kukipima, kisha hesabu sekunde kutoka pepeso moja hadi lingine:

```
wati = 3600000 / (imp/kWh x sekunde)
```

Kwa mita ya 1000, runinga na king'amuzi vikiwa vinawaka pamoja, wati 60, utasubiri sekunde 60 kati ya pepeso na pepeso. Ukipata sekunde 40, vifaa vyako vinakula wati 90 na hesabu yangu ya juu si yako. Kwa kifaa kidogo, subiri pepeso kadhaa ugawe, maana moja haitoshi kuaminika.

Kuna mpaka wa njia hii. Mita haianzi kuhesabu mpaka mkondo ufike kiwango fulani kidogo, kinacholingana na wati chache tu. Ukiacha chaja tupu peke yake kwenye soketi, huenda kitaa kisipepese hata ukikesha. King'amuzi kilicholala nacho, peke yake, kiko karibu sana na mpaka huo. Hiyo haina maana kwamba ni bure. Taa ya nje ikiwa inawaka, king'amuzi kinajumlishwa juu yake na vyote viwili vinahesabiwa. Kwa hiyo kipime kwa tofauti: hesabu muda wa pepeso taa na runinga zikiwaka bila king'amuzi, halafu chomeka king'amuzi uhesabu tena.

Wenye mita iliyofungwa juu ya nguzo, na ndani wana kile kidude cha kuingizia namba, hawaoni kitaa vizuri. Njia yao ni ya uvivu kidogo lakini ndiyo bora kwa hesabu ya siku: soma uniti zilizobaki leo saa moja usiku, soma tena kesho saa hiyo hiyo, toa. Jana 9.31, leo 8.50, umetumia 0.81. Nyumba yetu ya mfano ilitarajiwa 0.79, kwa hiyo hesabu imekubali. Usifanye kwa siku moja ukaridhika, kwa sababu Jumamosi na Jumapili si Jumanne. Watoto wakifunga shule, runinga inafunguliwa saa mbili asubuhi na kuzimwa saa tano usiku. Hizo ni saa 15 badala ya sita. Kwa sababu king'amuzi kilikuwa kinakula hata kikilala, nyongeza ni ya runinga zaidi: saa tisa kwa wati 52 hivi, wati-saa 468. Siku inapanda hadi uniti 1.26 na zile 14 zinaisha baada ya siku 11. Mzazi atasema LUKU imepandishwa bei. Bei iko pale pale, watoto ndio wako nyumbani.

Ikiwa hesabu na mita zinatofautiana kidogo, acha. Zikitofautiana kwa nusu uniti kila siku, kuna kitu hukukiandika. Mara nyingi ni pasi. Pasi ya wati 1,000 hujizima na kujiwasha yenyewe, lakini saa moja ya kunyoosha sare za shule inaweza kumaliza nusu uniti au zaidi, ambayo ni zaidi ya nusu siku ya taa, runinga na simu za nyumba hii. Birika la umeme linachemsha lita moja kwa kama uniti 0.1, linaonekana dogo mpaka uhesabu chai ya asubuhi, ya saa nne na ya jioni. Friji ni habari nyingine. Ndogo tu inaweza kula uniti nzima kwa siku, na ukiwa nayo, makala hii inakuhusu kwa nusu.

Kama vyote hivyo havipo na uniti bado zinapotea, zima mein swichi ya nyumba ukae na mita dakika kumi, au usome uniti, uache mein imezimwa saa kadhaa, usome tena. Zikiwa zimepungua, umeme unatoka kati ya mita na mein swichi, na hapo kuna ama waya ulioumia ama mtu aliyejiunga. Usiuguse waya huo, huo ni wa kuwaita TANESCO. Zisipopungua, washa mein lakini chomoa kila kitu na zima kila taa. Kitaa kikipepesa sasa, umeme unavuja ndani ya nyaya za nyumba, au kuna kifaa umekisahau, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni. Kitaa kikitulia katika hali zote mbili, mita haihesabu umeme usiotumika na nyaya hazina uvujaji wa maana.

Limebaki jambo moja kwa nyumba kama hii ya mfano, na lina pesa kuliko king'amuzi na taa ya nje pamoja. Inatumia uniti 0.79 kwa siku, ambazo ni 24 kwa mwezi. Daraja la D1 limewekwa kwa wateja wa nyumbani wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, na humo uniti ni shilingi 100, ambayo na kodi inakuwa 122. Kwa bei hiyo 5,000 inaleta uniti 41, siku 51 badala ya 17. Mwezi mzima wa nyumba hii ungegharimu chini ya shilingi 3,000 bila kodi ya jengo. Wapo wengi waliowekwa T1 kwa sababu zamani nyumba ilikuwa na wapangaji watano kwenye mita moja, au mpangaji aliyetangulia alikuwa na saluni. Ugawe bei ya umeme kwa uniti kwenye risiti yako: ikikaribia 356 na matumizi yako hayafiki 75, nenda ofisi ya TANESCO ya eneo lako na risiti za miezi michache uombe kubadilishiwa.

Ukiwa D1, jihadhari na kitu kimoja. Uniti 75 zinahesabiwa kwa unazonunua ndani ya mwezi, siyo unazotumia. Uniti 75 za kwanza ni shilingi 9,150. Ikizidi hapo, kila uniti inauzwa 350 kabla ya kodi, 427 baada yake, ghali kuliko hata T1. Anayeweka umeme wa 20,000 tarehe 28 kwa sababu amepata pesa, akiwa hajanunua mwezi huo na tukiiacha kodi ya jengo pembeni, anapewa 75 za bei nafuu na 25 za bei ya juu, jumla 100. Angenunua wa 9,150 siku hiyo, akanunua tena kiasi hicho hicho mwezi ukigeuka, angepata 150 kwa 18,300.